Bibi kavunjika nyonga, dokta anataka apasuliwe haraka, mjomba hataki. Waliowahi kuuguza nisaidieni

Mtoto_wa_Gando · Jumatatu, saa 3 usiku

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimekuja na mtihani mkubwa.

Bibi yangu mzaa mama, miaka 78, leo alfajiri alikuwa anatoka kutia udhu. Kandambili ikateleza kwenye sementi, akaangukia ubavu wa kulia. Hakujigonga kichwa na hakuzimia. Tulipomkuta alikuwa kalala palepale. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelala kwa nje. Ukigusa kinenani tu anapiga ukelele.

Tukampeleka spitali, wakapiga eksirei. Dokta akatuonesha mwenyewe: shingo ya mfupa wa paja imekatika na vipande vimeachana. Akasema avushwe Unguja, apasuliwe kesho au keshokutwa. Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Mjomba anasema mtu wa miaka 78 hakatwi visu, atamalizika mezani. Yeye anamjua mzee mmoja fundi wa kuunga mifupa, anafunga vijiti na kuchua kwa mafuta, na watu wamepona kwake.

Bibi ana presha, anameza dawa kila siku na ile aspirini ndogo. Hadi jana alikuwa anakwenda kwa jirani kwa miguu yake na nazi anakuna mwenyewe.

Nauliza mawili. Kwanza, haraka ya nini? Mfupa si utakuwepo tu hata wiki ijayo? Pili, akipasuliwa na kurudi nyumbani tujiandae na nini? Nyumba yetu ni ya kijijini, Gando huku Pemba, choo cha kuchuchumaa, bibi analala kitanda cha kamba.

---

Abu_Sumayya · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Poleni sana. Mimi nipo upande wa mjomba. Marehemu baba alivunjika paja, wakamlaza na kumtundikia mawe mguuni karibu miezi mitatu. Hakukatwa hata kidogo, mfupa ukaunga, akatembea na bakora miaka sita mbele. Mfupa huunga wenyewe, kazi yetu ni kuutuliza. Madokta wa siku hizi wanapenda visu.

---

Kisiwani77 · Jumatatu, saa 4 usiku

Nyonga ni maradhi ya watu wazima wote. Mama mkwe wangu inamsumbua mwaka wa nne sasa, hasa wakati wa baridi. Anajipaka mafuta ya habasoda usiku na kuepuka maji baridi, anapata nafuu. Mjaribuni na bibi.

---

NesiWaZamani · Jumatatu, saa 4:30 usiku

Waalaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya mifupa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu. Kisiwani77, huyu bibi mfupa umekatika, si nyonga inayouma kwa uzee. Mafuta tuyaweke kando.

Abu Sumayya, baba yako Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini naomba nikuulize: alivunjika wapi? Kama ilikuwa katikati ya paja, au chini kidogo ya nyonga pale pa nundu, uliyoyasema ni kweli. Pale pana damu nyingi, na mfupa huunga hata kwa kuvutwa, ingawa mgonjwa hulala wiki sita hadi kumi na mbili. Shingo ni habari nyengine.

Nyinyi watu wa Pemba nitawaeleza kwa mkarafuu. Ukiuchuna mkarafuu ganda kuuzunguka wote, kilicho juu kitakauka hata ukiupa mbolea, kwa sababu njia zimepita kwenye ganda. Kile kichwa cha mfupa kinachozunguka ndani ya nyonga, damu yake nyingi hupanda kwa mishipa midogo iliyoulalia mfupa wa shingo. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa ile hukatika pia. Kichwa kinabaki humo ndani hakina chakula. Fundi afunge vijiti, achue, atundike mawe, hakuna cha kuunga pale. Ndiyo maana kwa mtu wa umri wa bibi daktari haungi. Anakitoa kile kichwa na kuweka cha chuma chenye mguu unaoingia ndani ya paja. Kikombe chake cha nyonga kinabaki kilekile. Wodini tulikuwa tukiita nusu nyonga.

Sasa haraka. Mjomba anaogopa meza. Mimi nilichoona kikiua wazee ni kitanda. Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kujigeuza, kila akijaribu anaumia, kwa hiyo analala chali kama gogo. Hapumui kwa kina, makohozi yanatuama chini ya mapafu, mapafu yanaoza. Ngozi ya kiunoni na visiginoni hufa kwa kukandamizwa, na inaweza kuanza ndani ya siku moja tu. Damu ya miguuni haitembei, inaganda. Hataki kunywa maji kwa sababu akinywa itabidi akojoe, na kukojoa ni adhabu. Siku ya tatu anaanza kuweweseka. Hapo mjomba atasema "mwaona, mzee anakwisha", na kumbe kinachommaliza ni kulala na maumivu. Upasuaji unafanywa ili kesho yake akalishwe na kusimamishwa.

Nchi nyingi zimeweka lengo la siku ileile au siku ya pili yake, wengine saa 48. Uingereza wanafuata la kwanza. Si kwamba saa ya 49 malaika anakuja. Kuna utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotoka 2020, ulilinganisha kupasua ndani ya saa chache na kungoja kama siku moja. Vifo havikutofautiana, lakini kwa waliowahishwa, walioweweseka walikuwa wachache zaidi, na walisimama mapema. Kwa hiyo saa tano au sita zisiwatie wazimu. Wiki ndiyo ya kuogopwa.

Na sitakudanganya. Hata waliopasuliwa vizuri, kwenye nchi zilizopima, karibu mmoja katika wanne au watano hafiki mwaka. Ni ajali nzito kwa mzee. Ila ya kulala bila kupasuliwa ni nzito zaidi, na maumivu yake ni makubwa.

---

Abu_Sumayya · Jumatatu, saa 5 usiku

Bi Nesi nimekusoma. Kweli baba alivunjika katikati ya paja, eksirei naikumbuka. Lakini presha? Si lazima ishushwe kwanza? Na aspirini si inafanya damu isikauke?

---

NesiWaZamani · Jumatatu, saa 5:15 usiku

Presha ya kawaida inayopanda kidogo haicheleweshi kitu. Mtu mwenye mfupa uliokatika presha yake itapanda kwa maumivu tu, ukingoja ishuke utangoja mpaka keshokutwa ya keshokutwa. Aspirini ndogo pia haizuii. Dawa nzito za kulainisha damu kama wafarini ndizo zinazotaka hesabu.

Vinavyostahili kungojewa ni vile vinavyoweza kurekebishwa kwa saa chache: damu iko chini sana, sukari imepaa, moyo umejaa maji, chumvi za mwilini zimevurugika. Hivyo virekebishwe huku tarehe ya upasuaji ishapangwa.

Je, yupo asiyepasuliwa? Yupo. Mtu aliye ukingoni mwa kufa kwa maradhi mengine, au aliyekuwa hainuki kitandani tangu zamani na haumii. Bibi anayekuna nazi hayumo humo.

Kuhusu safari ya boti, usimkubali apakatwe na vijana wanne wamshike makwapa na magoti. Alale kwenye machela, mto mnene katikati ya mapaja, miguu ifungwe pamoja kwa kanga juu ya mto, mguu mzima uwe ndio banzi la mwenzake. Na kabla hajaondoka muombeni dokta ganzi ya kinenani. Ni sindano moja, inatuliza vizuri kuliko vidonge na haimlevyi.

---

MkunaNazi · Jumanne, saa 1 asubuhi

Naongeza moja ambalo lilituuma sisi. Mama alipovunjika, spitali moja sitaitaja, walituambia asile tangu saa sita usiku kwa sababu atapasuliwa asubuhi. Ikafika saa kumi jioni: leo haiwezekani, zimeingia dharura. Akapewa chai na mkate. Usiku, asile tena. Hivyo siku tatu mfululizo! Mtu wa miaka 81 alikuwa hajala kitu cha maana siku tatu kabla hata ya kisu. Alipotoka mezani alikuwa dhaifu mpaka anashindwa kushika kikombe.

Basi ikishafika mchana hajaitwa, nendeni kwa nesi mkaulize kwa adabu: leo yumo au hayumo? Kama hayumo, ale sasa hivi.

---

NesiWaZamani · Jumanne, saa 1:30 asubuhi

MkunaNazi umesema kweli na inaniuma kwa sababu nimeishuhudia nikiwa kazini. Chakula kigumu hukatazwa saa sita kabla, lakini maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla. Ile "asiguse kitu tangu usiku" ni mazoea. Mkamuulize mtu wa ganzi mwenyewe.

---

Mtoto_wa_Gando · Ijumaa, saa 2 usiku

Nashukuruni nyote. Mjomba nilimsomea habari ya mkarafuu. Alinyamaza kitambo, akasema "basi nendeni". Mimi sijawahi kuona.

Tulivuka Jumanne na boti kutoka Mkoani. Jumatano hakupasuliwa, damu ilikuwa chini, tukatoa damu mimi na binamu. Jana Alhamisi asubuhi akaingia. Walimchoma ganzi ya mgongoni, alikuwa macho, anasema alisikia wanagonga kama mafundi seremala. Leo walimkalisha kitandani, akasimama na fremu hatua mbili, akalia, akakaa.

Sasa kuna jambo limetutisha. Usiku wa jana kuamkia leo alikuwa hatujui. Anashika kanga yangu ananiambia mvua inakuja, karafuu zimeanikwa uwanjani, mbona hatuzianui. Anamuita babu, ambaye ana miaka kumi na mbili kaburini. Asubuhi mzima kabisa, jioni hii imeanza tena. Shangazi anasema bibi kaingiliwa na shetani pale spitali, atafutwe wa kumsomea.

---

NesiWaZamani · Ijumaa, saa 2:20 usiku

Kusomewa hakumdhuru, msomeeni, sauti anayoijua inamtuliza. Ila huku mkisoma nijibu haya: mara ya mwisho kwenda haja kubwa lini? Mkojo anapata, na tumbo la chini limejaa? Anakunywa maji kiasi gani? Anapewa dawa gani ya maumivu? Ana miwani au kifaa cha masikio kilichobaki Gando?

Kuja na kuondoka namna hiyo, mchana mzima na usiku kavurugika, wodini tuliona sana. Huwa kuna kitu mwilini kinachomsumbua na ubongo wa mzee hauvumilii.

---

Mtoto_wa_Gando · Ijumaa, saa 3 usiku

Haja kubwa tangu Jumapili! Leo siku ya tano. Tramado anapewa mara tatu. Maji vikombe viwili kwa siku, anasema hataki kuwasumbua. Miwani ipo Gando kwenye sanduku.

---

NesiWaZamani · Ijumaa, saa 3:10 usiku

Umeshapata majibu yako. Tramado inafunga tumbo na inavuruga wazee wengine. Mwambie nesi wa zamu sasa hivi, usingoje asubuhi: siku tano hana choo, na anaweweseka. Wampe dawa ya kulainisha, wampime mkojo, joto la mwili na hewa ya damu, waangalie kama parasetamoli kwa saa maalumu itatosha pamoja na tramado kidogo. Taa ndogo iwake usiku. Asifungwe mikono. Mtu mmoja anayemjua akae naye, si watu sita. Na miwani ije na boti ya kesho.

---

MtuWaMazoezi_Ung · Jumamosi, saa 4 asubuhi

Salaam. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nipo Unguja. Kabla hamjaruhusiwa kutoka, muulizeni aliyempasua swali moja tu: umeingilia nyuma au ubavuni?

Naeleza kwa nini. Akiingilia nyuma, misuli ya nyuma ya nyonga imekatwa na kushonwa. Kiungo kipya kinaweza kuchomoka mtu akiinama sana, akakunja goti kupita usawa wa kiuno, akapishanisha miguu, au akageuza goti kwa ndani. Akiingilia ubavuni hatari hiyo ni ndogo zaidi. Madaktari wenyewe hawakubaliani masharti yawe makali kiasi gani na kwa muda gani. Wengine wanasema wiki sita, wengine miezi mitatu, wengine kwa aliyeingiliwa ubavuni hawatoi masharti kabisa. Mimi nafuata alichoandika mpasuaji. Asipoandika chochote, nakuwa mkali wiki sita.

Kwa Pemba masharti hayo maana yake ni hivi: hakuna choo cha kuchuchumaa, hakuna mkeka, hakuna kibao cha mbuzi. Kuketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi ni goti juu ya kiuno na mwili umeinama mbele, na mikono inasukuma. Sijui mkao mbaya zaidi kwa nyonga mpya.

Na swala aswali kwenye kiti. Rukuu na sijida kwa kuinamisha kichwa, imamu wa kijijini atakueleza. Bibi wengi wanajificha kusujudu, muwaambie mapema.

---

Mtoto_wa_Gando · Jumatano, saa 2 usiku

Alhamdulillah, bibi tumerudi naye Gando leo. Ijumaa ile walimpa dawa ya tumbo, Jumamosi alfajiri akapata choo, Jumapili miwani ikafika. Kesi ya karafuu ikaisha, ila anacheka akisimuliwa.

Daktari anasema aliingilia nyuma. Mshono utolewe baada ya wiki mbili tangu upasuaji. Ametupa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda hadi itimie kama mwezi. Kaandika anaweza kuukanyagia mguu kadiri anavyoweza kustahimili.

Nahitaji mtu anielekeze kiti cha choo. Dukani nimeulizia, bei imenishinda.

---

Seremala_Wete · Jumatano, saa 3 usiku

Nimetengeneza vitatu vya wazee, hii ni kazi ya asubuhi moja. Mkalishe bibi ukingoni mwa kitanda, miguu ikanyage chini. Pima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Ongeza upana wa vidole vitatu. Hicho ndicho kimo cha kiti. Bibi wengi inakuja baina ya sentimita 45 na 48. Kiti cha plastiki kile cha harusini usikate tundu, ukikata kinapinda, nimeona kimempasukia mtu.

Mbao ngumu, miguu minne iliyopanuka kidogo kwa chini, mikono ya kuegemea lazima, ipite usawa wa mbele ili ashike anapoinuka. Tundu la mviringo, pembe zisuguliwe na msasa hadi ziwe laini. Chini ya kila mguu gongomea kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Unakiweka juu ya tundu la choo lenyewe, au usiku chumbani na ndoo chini yake.

Kitanda cha kamba, mimi ningeondoa. Kinabonyea katikati, anazama, magoti yanakuwa juu. Weka mbao juu ya kamba kisha godoro gumu, halafu ongeza matofali chini ya miguu mpaka kimo kifike kilekile cha kiti.

---

NesiWaZamani · Alhamisi, saa 1 asubuhi

Fundi Mungu akubariki. Mimi nabaki na mwili wa bibi.

Kila siku wakati wa kumuogesha, mgeuze uangalie visigino na pale kwenye mfupa wa juu ya makalio. Ukiona wekundu, au kwa ngozi nyeusi pamekuwa peusi zaidi au pana joto, bonyeza kwa kidole: rangi isipobadilika hapo ngozi imeanza kufa. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani, usiweke chini ya kisigino chenyewe. Akilala ubavu, mto katikati ya magoti. Mchana akikaa, asikae zaidi ya saa moja bila kusimama. Akiwa kitandani, kila saa mbili ageuzwe.

Chakula: samaki, mayai, kunde, uji wenye maziwa, kila mlo kiwepo kimoja. Wazee wanapewa mchuzi mwepesi na ndizi, wakidhani tumbo halistahimili, na misuli inayeyuka.

Sasa la kuchua. Najua shangazi atakuja na mafuta ya moto. Mashavu ya miguu yasichuliwe kabisa. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, unauma na una joto, damu inaweza kuwa imeganda, na ukichua unaisukuma. Hapo ni spitali siku ileile. Akikosa pumzi ghafla au akashika kifua, msingoje hata boti ijazwe.

Na usiku mmoja mkisikia kama kishindo nyongani, au maumivu makali ghafla na mguu umekuwa mfupi tena, goti limegeukia ndani, kiungo kimechomoka. Msivute. Mtulizeni palepale, mguu uegemezwe kwa mto, mpelekeni spitali.

---

MtuWaMazoezi_Ung · Alhamisi, saa 3 asubuhi

Utaratibu wa kutembea, na mumfundishe msaidizi wake pia: fremu kwanza, kisha mguu mbovu, kisha mzima. Kwenye kizingiti cha mlango au ngazi ya baraza, kupanda mzima unatangulia, kushuka mbovu unatangulia. Baibui lipunguzwe, lisiguse ardhi. Viatu vyenye kisigino kilichofungwa, kandambili zitupwe zote, hasa ile.

Mara sita kwa siku hatua chache ni bora kuliko mara moja hadi kwa jirani.

---

Kisiwani77 · Alhamisi, saa 5 asubuhi

Wiki ya pili hivi, akitaka kwenda kwa jirani mwenyewe, apelekwe?

---

MtuWaMazoezi_Ung · Alhamisi, saa 5:20 asubuhi

Kwa fremu, na mtu nyuma yake upande mbovu. Asimshike mkono, amshike mkanda wa kanga kiunoni. Ukimshika mkono akianguka mtaanguka wote.

---

Mtoto_wa_Gando · wiki ya saba, Jumapili, saa 4 asubuhi

Nimerudi kutoa habari. Mshono ulikauka. Wiki ya tatu mguu ulivimba kifundoni jioni, tukakimbia, wakakuta uvimbe wa kawaida wa kutembea, asubuhi hupungua. Sindano tumemaliza. Anatembea kwa fremu hadi barazani na kurudi. Kiti cha choo cha Seremala anakisifu kuliko wajukuu.

Kuna mambo mawili. Dokta wa mifupa amempa vidonge vya alendroneti vya mara moja kwa wiki, pamoja na kalsiamu na vitamini D. Je, ni lazima? Na pili, jana nilimkuta jikoni kavuta kibao cha mbuzi, kakaa juu yake. Anasema wiki sita zimetimia.

---

NesiWaZamani · Jumapili, saa 5 asubuhi

Vidonge ni muhimu. Mfupa uliokatika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama ni mfupa dhaifu, na upande wa pili unasubiri zamu. Ameze alfajiri kabla hajala, na bilauri nzima ya maji matupu, kisha akae wima au atembee nusu saa, asilale, asile, asinywe chai. Akijilaza nacho kinamchoma koo. Kalsiamu isimezwe pamoja nacho, iwe mchana. Funga ikija, ameze usiku kabla ya daku akihesabu ile nusu saa. Na kama ana jino bovu linalotaka kung'olewa, waambieni kabla.

Kibao cha mbuzi namuachia mtu wa mazoezi.

---

MtuWaMazoezi_Ung · Jumapili, saa 7 mchana

Hapa tunaweza kugombana na Bi Nesi, lakini kwa aliyeingiliwa nyuma mimi naenda miezi mitatu kwa kibao, hata kama kiti cha kawaida nimeshamruhusu. Alikikalia, akasimama peke yake?

---

Mtoto_wa_Gando · Jumapili, saa 7:30 mchana

Alisimama mwenyewe, kashika mlango. Nazi alikuwa ameshakuna nusu. Nimekificha kibao juu ya dari, na Seremala ameniahidi mbuzi ya kufungwa juu ya meza, akune amekaa kwenye kiti. Ikifika nitaleta picha.